Kurudisha zamu: chukayoni, kalaha au chongkak?

Ukiwa umekulia kwenye baraza za Ngamiani au Makorora hapa Tanga, bao la Kiswahili unalijua hata kama huchezi. Kete 64, mashimo 32, na mkono unaozunguka mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu, ndipo mchezaji amelala. Lakini bao letu halina ghala, yaani shimo la kutunzia kete ulizopata. Kete unazokula zinarudi ubaoni upande wako, na zamu yako ikiisha imeisha.

Ipo jamii nyingine ya michezo ya mashimo na kete ambako kila mchezaji ana ghala lake pembeni, na kanuni moja inabadilisha kila kitu: kete yako ya mwisho ikiangukia ndani ya ghala lako, unacheza tena. Ukiangukia tena, unacheza tena. Mwenzako anabaki kutazama. Vijana wengi wameukuta mchezo wa namna hii kwenye simu, wakaupenda, kisha wakashindwa kuamua waucheze upi mezani na kwa kanuni zipi. Ulinganisho huu ni kwa ajili yao, na kwa mchezaji wa bao anayetaka kujua kama ujuzi wake utamfaa huko.

Nimechagua mitatu: chukayoni, ambao ni mchezo wa mtu mmoja, kalaha, ambao ndio umejaa kwenye simu, na chongkak ya Wamalei, ambayo Wafilipino huiita sungka na Wajava huiita dakon. Nimeipanga kwa makusudi. Kuna kanuni moja ya kutafuta mfululizo wa kurudi ghalani ambayo kwenye wa kwanza haikosei kamwe, kwenye wa pili inafaa mara nyingi, na kwenye wa tatu inaweza kukuficha mchezo ulio bora. Ukiiona kanuni hiyo inavyolegea kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, utajua wewe unafaa wapi.

## Vigezo

Nitaipima yote kwa mambo manne. La kwanza ni namna zamu inavyorudi. La pili ni hesabu unayotakiwa kuibeba kichwani. La tatu ni vifaa na muda, maana wengi wetu tuna ubao wa bao na komwe 64, basi. La nne ni kinachoharibika, yaani kosa linalotokea mara kwa mara na namna ya kulitambua.

Kwa mazungumzo yetu, mashimo tutayahesabu kuanzia ghalani. Shimo lililo jirani na ghala lako ni la 1, linalofuata ni la 2, mpaka la mbali kabisa. Shimo lenye kete sawasawa na namba yake nitasema limetimia: ukiligawa moja moja, kete ya mwisho inaingia ghalani. Likiwa na kete pungufu halijatimia, likiwa na zaidi limepita.

## Chukayoni

Huu ulibuniwa Ufaransa mwaka 1977, ukatokana na mchezo mwingine wa peke yako uitwao chuka ruma.

Zamu inavyorudi: unaruhusiwa kucheza shimo lililotimia tu. Hakuna kuendelea kwa kubeba, hakuna kula, hakuna mpinzani. Unachukua kete zote za shimo lililotimia, unazigawa kuelekea ghalani, ya mwisho inaingia. Kisha unatafuta jingine. Ukimaliza kete zote ubaoni umeshinda. Ukikosa shimo lililotimia wakati kete bado zipo, umekwama.

Hesabu: hapa ndipo kanuni niliyoitaja inapozaliwa. Yakitimia mashimo mawili au zaidi kwa wakati mmoja, cheza lililo karibu zaidi na ghala. Sababu yake ni rahisi kuiona kwa kete tatu tu. Shimo la 1 lina kete 1, la 2 lina kete 2. Yote yametimia. Ukianza na la 2, kete moja inaangukia shimo la 1, ambalo sasa lina 2 na limepita. Umeingiza kete moja na umekwama. Ukianza na la 1, kete inaingia ghalani. La 2 likifuata linaacha kete moja kwenye la 1 na kuingiza ya pili. La 1 limetimia tena, unaingiza ya tatu. Kila ukicheza shimo la mbali unayaongezea ya karibu kete moja moja, kwa hiyo lililotimia linapita, na lililopita kwenye chukayoni halirudi tena, kwa sababu kete zake haziwezi kupungua.

Sasa chukua kete 10, uziweke hivi kuanzia shimo la 1 mpaka la 5: tupu, 1, 1, 3, 5. Lililotimia ni la 5 peke yake, kwa hiyo huna cha kuchagua. Ukiligawa, mashimo yanakuwa 1, 2, 2, 4 na la 5 tupu. Angalia: sasa yametimia matatu kwa pamoja, la 1, la 2 na la 4. Mtu mwenye haraka anakimbilia la 4 kwa kuwa lina kete nyingi. Akilicheza anabakiwa na 2, 3, 3, na hakuna hata moja lililotimia. Kete nane zimekufa mikononi mwake baada ya michezo miwili tu. Fuata kanuni badala yake. Cheza la 1, kisha la 2, kisha la 1 tena. Ghalani zimefika nne na ubaoni zimebaki tupu, tupu, 2, 4. Sasa la 4 limebaki peke yake, licheze: 1, 1, 3. Endelea na la 1, kisha la 3, na mbele yako kuna 1 na 2, ule mfano wa kete tatu tulioanza nao. Michezo kumi, kete kumi, ubao mweupe.

Jambo linalonivutia zaidi katika mchezo huu ni kwamba kwa kila idadi ya kete kuna mpangilio mmoja tu unaoweza kumalizika. Kete 10 zina ule niliouandika hapo juu na hakuna mwingine. Na unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa kurudi nyuma: tafuta shimo tupu lililo karibu zaidi na ghala, liweke kete sawa na namba yake, na ili upate kete hizo toa moja ghalani na moja moja kutoka kila shimo lililo kati yake na ghala. Fanya hivyo tena na tena ukianza na ubao mtupu, utapata mpangilio wa kete 1, wa 2, wa 3 na kuendelea. Kwa mashimo sita utafika mpaka kete 17, zimekaa 1, 1, 3, 2, 4, 6. Ya 18 itadai shimo la saba.

Vifaa na muda: safu moja ya ubao wa bao inatosha, na kikombe cha kahawa kiwe ghala. Hata mashimo ya kuchimba mchangani pale Raskazone yanatosha. Mchezo mmoja ni wa dakika chache.

Kinachoharibika: ukishaijua kanuni, mchezo wenyewe hauna siri tena. Mpangilio ama unamalizika ama haumaliziki, na uchaguzi wako hauna uzito. Kwa hiyo furaha iko katika kutunga mipangilio na kumpa mwingine aifumbue, au katika kuukariri mpangilio wa kete 17 mpaka uutambue kwa jicho. Ukikwama ilhali unaamini mpangilio ulikuwa sahihi, hesabu kete za ghalani: zinatakiwa ziwe sawa na idadi ya mara ulizocheza. Zikizidi au zikipungua, mkono uliteleza mahali.

## Kalaha

Kalaha ilibuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940, naye aliitoa kwenye michezo ya mashimo ya zamani. Kila mchezaji ana mashimo sita na ghala upande wake wa kulia. Kila shimo huanza na kete nne. Wengine huanza na tano au sita.

Zamu inavyorudi: unachagua shimo lolote la upande wako, unagawa kuelekea kulia, unatia moja ghalani kwako, ukibakiwa unaingia upande wa mpinzani, na ghala lake unaliruka. Ya mwisho ikiingia ghalani kwako unacheza tena. Ikiangukia shimo tupu la upande wako, na shimo la mpinzani linalolikabili lina kete, unazila hizo pamoja na hiyo moja yako, na zamu imeisha. Kwingine kokote, zamu imeisha vilevile. Hakuna kubeba na kuendelea, na hapo mchezaji wa bao huchanganyikiwa: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono wake unataka kunyanyua. Babu mmoja wa baraza tuliyekuwa tukimfundisha alikuwa ananyanyua kila mara, mpaka mjukuu wake akawa anamgusa kiwiko: "Babu, hapa ukifika umelala hata kama shimo limejaa."

Hesabu: mwanzoni mwa mchezo wa kete nne, shimo la 4 limetimia, na hiyo ndiyo zamu ya kwanza ya bure. Kwa kete tano ni shimo la 5, kwa sita ni la 6. Baada ya hapo mashimo ya 1, 2 na 3 yamepita yote, na itakubidi uyafungue upya kabla hayajakuzalishia chochote. Wachezaji wengi huitumia zamu hiyo ya pili kulifungua shimo la 1, maana shimo la 1 likiwa tupu linaweza kutimia kila linapopata kete moja.

Ile kanuni ya kuanza na la karibu inafanya kazi hapa, lakini sasa ina mshindani, nayo ni kula. Tuchukue mfano. Upande wako, kuanzia shimo la 1, una 1, 2, tupu, 4, tupu, 3. Shimo la mpinzani linalolikabili lako la 3 lina kete 6. Shimo lako la 6 lina kete tatu, zinazofika moja kwa moja kwenye la 3 lililo tupu, kwa hiyo kuna kete saba za kula. Swali ni lini.

Ukila kwanza, zamu imeisha. Umepata saba, na mpinzani anapata nafasi. Ukianza na mfululizo wa karibu, yaani la 1, la 2, la 1, unaingiza tatu, zamu bado ni yako, na la 6 bado linafika shimo tupu. Unakula saba na kufikisha kumi. Kufikia hapo kanuni imekuhudumia vizuri. Lakini kumbuka shimo la 4 nalo limetimia. Kanuni ya chukayoni ingekuambia ulicheze sasa, kabla ya kula. Ukilicheza, kete moja inaangukia la 3, na lile shimo tupu ulilokuwa unalilinda si tupu tena. Utaingiza moja, utaongeza moja nyingine kwa shimo la 1, kisha huna lililotimia na kula kumekufa. Jumla tano badala ya kumi. Hivyo kwenye kalaha unapopanga mfululizo, kwanza tia alama kwa jicho shimo tupu unalotaka kuangukia, halafu cheza yale yaliyotimia ambayo kete zake hazipiti hapo.

Kuna jambo jingine linaloipa kanuni hii nguvu kwenye kalaha, na watu hawalizungumzii vya kutosha. Kete za mpinzani zikivuka ghala lake zinaingia upande wako kuanzia shimo lako la 6, la mbali. Ili aguse shimo lako la 2 akitokea shimo lake la 1, anahitaji kete sita. Kugusa la 1, saba. Kwa hiyo mashimo yako ya mbali yanaharibiwa kila mara, leo yametimia, kesho yamepita, wakati ya 1 na ya 2 yanakaa kama ulivyoyaacha. Mfululizo wa kesho upange kwenye hayo mawili.

Shimo linaweza pia kutimia kwa kuzunguka. Mzunguko mzima wa kalaha ni sehemu 13, yaani mashimo yako sita, ghala lako na mashimo sita ya mwenzako. Shimo la 1 lenye kete 14 linaingiza moja, linazunguka, na ya mwisho inaingia ghalani. Hutokea mara chache, ila likitokea ni zamu ya bure ambayo mpinzani hakuiona.

Vifaa na muda: safu mbili za ndani za ubao wa bao zinatosha kabisa. Tumia mashimo sita ya katikati, na shimo la mwisho upande wa kulia wa kila mchezaji liwe ghala lake, au uweke bakuli kando kwa sababu komwe zikifika ishirini hazikai. Shimo la mwisho la kushoto liache tupu na uliruke. Kalaha ya kete nne inadai komwe 48, ya tano 60. Zote zinatoka kwenye mfuko wako wa bao. Ya sita inadai 72 na utapungukiwa. Mchezo ni mfupi, mizunguko kadhaa inaingia kati ya alasiri na magharibi.

Kinachoharibika: anayeanza ana faida kubwa. Mwaka 2000 watafiti watatu, Irving, Donkers na Uiterwijk, waliichambua kalaha ya mashimo sita na kete nne kwa kompyuta mpaka mwisho, wakaonyesha kwamba anayeanza akicheza bila kosa anashinda. Hakuna binadamu anayecheza hivyo, lakini faida inaonekana hata barazani. Dawa yake ni kucheza mara mbili, kila mmoja aanze mara moja, na kujumlisha kete za maghala. Kosa jingine la kila siku ni kutia kete ghala la mwenzako badala ya kuliruka. Utalijua kwa sababu mfululizo uliouhesabu unaishia shimo moja nyuma ya pale ulipotarajia.

## Chongkak

Chongkak ni ya Malaysia, Brunei, Singapuri na Sumatra, na ndugu zake wamefika Ufilipino na Maldivi. Kwa desturi kila upande una mashimo saba yenye kete saba saba, jumla 98. Kugawa huenda kushoto, kama akrabu za saa, na ghala lako liko kushoto kwako.

Zamu inavyorudi: hapa mchezaji wa bao atatabasamu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, upande wowote, unazibeba zote na kuendelea. Ikiangukia ghalani kwako, unachagua shimo jipya na kucheza tena. Ikiangukia shimo tupu upande wako, unakula zilizo mkabala na zamu imeisha. Ikiangukia shimo tupu upande wa mpinzani, umelala bila kitu.

Hesabu: kwa kuwa komwe zetu ni 64, mimi huucheza kwa mashimo manane ya ubao wa bao, kete nne nne kila shimo, na vikombe viwili. Ghala la kila mtu liko kushoto kwake na hesabu ya mashimo inaanzia hapo. Mzunguko ni sehemu 17.

Mwanzoni shimo la 4 limetimia. Kanuni yetu itakupeleka huko: kete moja ghalani, zamu yako tena. Ni salama na ni sahihi. Lakini tazama shimo la 2, lenye kete nne, ambalo kwa macho ya kalaha limepita na halina maana. Ligawe. Moja inaingia shimo la 1, moja ghalani, mbili zinavuka na kufika shimo la 8 na la 7 la mpinzani. Hilo la 7 lilikuwa na nne, sasa lina tano, unazibeba. Zinaingia la 6, la 5, la 4, la 3 na la 2 kwake. La 2 sasa lina tano, unazibeba. Moja inaingia shimo lake la 1, unaliruka ghala lake, nne zinaingia kwako kwenye la 8, la 7, la 6 na la 5. La 5 sasa lina tano, unazibeba. Zinaanguka la 4, la 3, la 2, la 1, na ya tano inaingia ghalani.

Umebeba mara tatu, umezunguka ubao mzima, umerudi nyumbani na zamu bado ni yako. Ghalani zimo mbili, siyo moja. Shimo ambalo halikutimia limekulipa zaidi ya lililotimia.

Na bado kuna zaidi. Shimo lako la 2 sasa lina kete moja tu. Icheze: inaangukia la 1 lenye sita, unabeba saba, moja inaingia ghalani na sita zinashuka kwa mpinzani mpaka shimo lake la 3, ambalo lina tano na sasa linakuwa na sita. Unazibeba, zinaingia la 2 na la 1 kwake, kisha la 8, la 7, la 6 na la 5 kwako. La 5 ulikuwa umeliacha tupu mwanzoni. Unakula sita zilizo mkabala pamoja na yako moja, na ghala lako lina kete kumi kabla mwenzako hajagusa ubao.

Kwa hiyo kwenye chongkak shimo lililotimia ni sehemu ndogo tu ya habari. Kila shimo ni mlango wa safari, na safari hiyo haina njia ya mkato ya kuijua. Lazima uitembee kichwani, kete kwa kete, ukikumbuka mashimo uliyoyabeba na kuyaacha matupu. Mashimo hayo matupu ndiyo yanayoamua, kwa kuwa ukirudi hapo ndipo unapolala au unapokula. Katika hali ileile, ukianza na la 6 badala ya la 2, mkono unazunguka muda mrefu zaidi, unabeba mara saba, halafu unalala shimo la 5 la mpinzani ulilolibeba wewe mwenyewe dakika moja kabla. Ghalani zinaishia tano. Safari ndefu haina maana ni safari nzuri.

Wapo wanaoweza kuibeba hesabu hii mbali sana. Alex de Voogt, Mholanzi aliyewatafiti mabingwa wa bao Zanzibar, alishirikiana na Donkers na Uiterwijk kuchunguza ufunguzi wa dakon ambao anayeanza anashinda mchezo mzima katika zamu yake ya kwanza, mfululizo baada ya mfululizo, mpinzani akiwa hajacheza hata mara moja. Wamalei kwa desturi huanza mzunguko wa kwanza wote wawili kwa pamoja, na anayelala kwanza ndiye anayesubiri.

Vifaa na muda: kwa kanuni kamili unahitaji kete 98 na maghala makubwa. Mzunguko ukiisha, kila mmoja anajaza mashimo yake kutoka ghalani kwake. Asiyeweza kujaza shimo, shimo hilo linafungwa kwa mzunguko unaofuata. Mchezo unaendelea mpaka mmoja aishiwe, kwa hiyo panga jioni nzima.

Kinachoharibika: mkono. Kete mbili zikidondoka pamoja kwenye shimo moja, safari nzima iliyobaki ni ya uongo, na hakuna anayeweza kuirudisha nyuma. Kila baada ya zamu ndefu hesabu kete za ubaoni na za maghala. Zisipofika 64, moja imebaki kiganjani au imeanguka chini ya benchi. Zikifika 64 na bado safari haikuishia ulikotarajia, kosa ni la kugawa, na mwenye kulijua ni yule aliyekuwa anakufuata kwa macho. Kubalianeni mapema kwamba mpinzani ana haki ya kusimamisha mkono papo hapo, siyo baada ya kula.

## Uchague upi

Kama unataka kumfundisha mtoto wa darasa la tatu au la nne kuhesabu mbele, anza na chukayoni ya kete tatu, kisha tano, kisha kumi. Mpe mipangilio inayomalizika na mmoja usiomalizika, umwache agundue mwenyewe kwa nini la karibu linatangulia. Usimwambie kanuni, akiiona, atakuwa amepata kilichomo.

Kama mko wawili, muda ni mfupi, na mmoja wenu hajawahi kugusa kete, kalaha ya kete nne itawafaa. Kanuni zinaeleweka kwa mchezo mmoja, na mgeni anaweza kumshinda mwenyeji akiyatunza mashimo yake ya 1 na 2. Mkishaizoea, hamieni kete tano. Ufunguzi unabadilika na mazoea ya zamani hayasaidii sana.

Kama wewe ni mchezaji wa bao unayejua kufuata mtaji kwa macho bila kugusa kete, kalaha huenda ikakuchosha mapema, kwa sababu safari zake ni fupi. Nenda chongkak moja kwa moja. Kubeba na kuendelea unakujua. Kipya ni kuyakumbuka mashimo uliyoyaacha matupu na kuupima mlango wa ghala kila unapoupita. Ila usitegemee kuwa chongkak itakunoa kwa namua au kwa kulinda nyumba, mambo hayo hayamo.

Kama tatizo lako ni kwamba kwenye simu unashindwa kalaha kila mara na huelewi kwa nini, usiongeze michezo ya simu. Kaa na safu moja ya mashimo sita, jizoeze mpangilio wa kete 17 mpaka uumalize bila kusita, kisha rudi kwenye kalaha na ujiulize swali moja kabla ya kila zamu: ni shimo gani tupu ninalolihitaji, na ni lipi kati ya yaliyotimia litakalolifunga?

Na kama baraza lenu lina watu watano na ubao mmoja, chongkak ndiyo yenye watazamaji. Safari ndefu inafuatwa na macho ya wote, na wabishi wanapata kazi. Kalaha wachezeni wawili wanaosubiri zamu, kwenye safu mbili za ubao mwingine au kwenye mashimo ya mchanga kando ya benchi.